UZI: Mteja kajibu "hm", mie nikapakia ndizi. Hilo ni jibu au ni kelele tu?

MzuzuWete

Asalam aleykum wana jukwaa. Naombeni mnisaidie kulisoma hili maana mie na mwenzangu tumeshindwana na hatutaki kufika kwa sheha kwa ajili ya herufi mbili.

Mie nakusanya ndizi huku Pemba nawapelekea wauzaji wa Unguja. Kuna mmoja yupo Mwanakwerekwe, tunafanya kazi siku nyingi, mtu mzima wa heshima zake ila hana maneno. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, si mnajua mzuzu unavyotafutwa wakati ule kila mtu anataka ya futari, tukaandikiana wasap. Nakili hii hapa sijaongeza wala sijapunguza:

*Jumatatu mchana*
Mie: mzuzu ipo mikungu 40. 14,000 mmoja
Yeye: mizito?
Mie: mizito chana 5 mpaka 6
Yeye: k
Mie: basi ntaipakia alhamisi

*Jumatatu usiku*
Yeye: hm

*Alhamisi*
Mie: nshapakia. kesho asubuhi iko malindi
Yeye: k

*Ijumaa*
Yeye: mbona umeleta yote?

Sasa anasema yeye hajakubali kitu, ile hm si neno, ni sawa na mtu kakohoa. Kachukua mikungu 15 kwa bei yangu, ile 25 nikamuomba kijana mmoja aniuzie ikatoka kwa 10,000. Laki moja imepotea hivi hivi. Kwenu nyinyi, hm ni jibu ama ni kelele?

Bwana_Darajani

K ni elfu bwana. Kakwambia 14k. Tatizo liko wapi

MzuzuWete

@Bwana_Darajani soma tena, hakuandika namba, kaandika k peke yake

Bwana_Darajani

Aa. Basi sijui.

Kojani2

Huyo mjanja tu. Bei ya soko ilishuka ile Ijumaa akatafuta pa kutokea. Angeuza kwa faida ungesikia "mbona umeleta yote"? Wewe dai pesa yako.

BintiMakunduchi

Mie nna suali langu hapo hapo samahani mwenye uzi. Mume wangu yuko Maskati mwaka wa pili huu. Mie naandika mpaka vidole vinauma, mtoto kaota jino, mama kapelekwa Mnazi Mmoja karudi salama, paa la jikoni linavuja, napeleka yote kwa pamoja, baada ya muda nakuta "k". Kila siku k. Ishanichosha mpaka skuizi nikiiona siifungui. Hii ndo kelele yenyewe au kuna maana mie siioni?

Chwaka_data

Kitaalamu hizi ni kelele zote mbili. Nakwambieni kwa sababu ndo kazi yangu. Kuna mradi mmoja unawapelekea akina mama meseji za kuwakumbusha siku ya kliniki, wao wanajibu, mie napokea majibu yote kwenye faili nayasafisha kabla ya kuhesabiwa. Kanuni yangu ya kwanza: ukitoa namba, jibu lolote chini ya herufi tatu linatoka. Utakuta "k", "hm", "m", "jj", ".", "lp", mara mtoto kachezea simu, mara simu imebonyea mfukoni. Herufi moja haibebi taarifa. Ukiziacha zinakuchafulia kazi yote.

Mnukuzi_Mkoani

@Chwaka_data ngoja kidogo mwanangu, umesema kweli nusu, na hiyo nusu ya pili inaweza kukuumizia wazazi.

Mie kazi yangu miaka mingi ni kunukuu mazungumzo yaliyorikodiwa, watafiti wanakuja na kanda za mahojiano mie nasikiliza naandika kila kinachotoka mdomoni pamoja na zile "ehe", "mh", "aa", "ewaa". Mwanzo nilikuwa naziacha kama wewe unavyofanya. Bwana mmoja akanirudishia kurasa zote akanambia zirejeshe, bila hizo mazungumzo hayasomeki, mtu anaonekana anahutubia peke yake na ghafla anabadilisha habari bila sababu. Sababu ilikuwa ile "mh" ya mwenzake niliyoifuta.

Urefu hausemi kitu. "gggg" ya mtoto aliyechezea simu ni ndefu kuliko "k" lakini haina maana, na "k" fupi ina maana. Cha kutazama ni kama kile kidude kimeshikana na kilichokuja kabla yake. Fanya hivi. Chukua "k" ya mteja uiondoe pale ilipo uiweke chini ya "mzuzu ipo mikungu 40, 14,000 mmoja". Imebadilika kazi, si ndio? Pale ingekuwa inakaribia kukubali bei. Chini ya "mizito chana 5 mpaka 6" inasema tu nimeipata habari. Herufi ile ile, kazi mbili. Sasa chukua "gggg" uipeleke popote unapotaka, juu, chini, katikati. Haibadiliki kitu, kwa sababu haikuwa inajibu kitu.

Halafu tazama mwenzake kafanya nini baada yake. Jibu fupi la kweli huwa linaacha alama kwenye meseji inayofuata. MzuzuWete alipopata "k" hakurudia tena kueleza uzito, kaendelea mbele na "basi ntaipakia". Maana yake kaisoma kuwa habari ya uzito imeisha. Kelele watu wanairuka tu au wanauliza "nini?", na mwenye simu anajibu "mtoto huyo".

Hm ya mteja nitairudia, mchele unaungua.

Chwaka_data

Nakubali kwa mazungumzo ya watu wawili unaoweza kuyasoma. Mie nna maelfu, siwezi kuhamisha hamisha k moja moja kama kete.

Upepo_Kisauni

Nimefanya kazi uwanja wa ndege Kisauni kwa hio hili mie nalijua kwa njia yangu. Kwenye redio rubani akisema "roja" maana yake nimepata yote uliyosema, basi. Haimaanishi nimekubali wala haimaanishi ntafanya. Ukitaka kusema nimepata na ntafanya kuna neno lake jengine, "wilko". Na mwiko kabisa kujibu roja kwa suali linalotaka ndio au hapana. Ukimuuliza rubani "njia iko wazi?" akajibu roja, hajajibu. Na maagizo mazito kama urefu wa kuruka au njia ya kutulia lazima ayarudie mwenyewe kwa mdomo wake ndo mnara ujue kweli kasikia kile kilichosemwa.

Hii sheria haikuja kwa kupenda mapambo. Imekuja kwa sababu mtu mmoja anasema roja akimaanisha nimesikia, wa pili anasikia amekubali.

Na kuna kitu kingine kinaingia kwenye suali la kelele. Marubani wengine wavivu wanabonyeza kitufe cha redio mara mbili, tk tk, badala ya kusema. Wao wanajua wamejibu. Huku chini sie tunasikia tk tk, ni nani? Ndege ipi? Au ni mkwaruzo tu wa redio? Huwezi kujua. Yeye kwake ni jibu, mie huku kwangu ni kelele. Kwa hio @Mnukuzi_Mkoani mama nakubaliana nawe ila naongeza, jibu likiwa fupi mno hata kama mwenyewe alikusudia, likifika halitafautiki na mkwaruzo basi limekuwa mkwaruzo.

Kojani2

Sasa ndizi na ndege wapi na wapi

Upepo_Kisauni

Zote zinaanguka ukisoma jibu vibaya

Mnukuzi_Mkoani

Nimerudi. @Upepo_Kisauni hiyo tk tk nimeipenda sana.

Haya tuje kwenye hm. Jamaa waliokaa kuyachunguza mazungumzo wanasema hizi sauti ndogo hazifanyi kazi moja. Kuna Mmarekani Emanuel Schegloff mwaka 1982 aliandika juu ya ile "aha" ya msikilizaji wa Kiingereza, akaonesha kwamba mara nyingi haisemi "nimekubali" wala "nimefahamu", inasema tu "nakuona hujamaliza, mie sichukui zamu, endelea". Kwetu hiyo ni ile "ehe". Tena sie tunaijua toka utotoni, bibi akisema "Paukwa" msipojibu "Pakawa" hadithi haiendi, anakaa kimya anakutazameni. Ile pakawa haina habari yoyote ndani yake, ila bila yake hakuna hadithi.

Hivo mie naziona kazi nne ambazo mtu anaweza kuzifanya na kidude cha herufi moja mbili: endelea, nimepata, nimekubali, na ile ya nne ambayo watu wanaisahau, nna wasiwasi lakini sitaki kusema. Hiyo ya nne kwetu ndo kazi ya "mh" na "hm". Mtu akikwambia "flani kanunua gari" ukajibu "mh", hujakubali na hujakataa, umeweka mkono mlangoni.

Sasa tazama hm ya huyu bwana. Kabla yake MzuzuWete kasema "ntaipakia Alhamisi". Hapo pana mambo mawili tu, ama ipakie ama usipakie. Na huyu bwana ana neno lake la kawaida, k, kalitumia kwenye mazungumzo hayo hayo mchana ule ule. Hakulitumia. Kaenda kutafuta jengine. Tena kalileta usiku na meseji ni ya mchana. Watu wanaokubali wanakubali haraka, wanaositasita wanachelewa, hili hata kwenye kanda nalisikia, ile "ndio" inayokuja baada ya kimya kirefu mara nyingi inafuatiwa na "lakini".

MzuzuWete nikuulize. Zamani mlipofanya biashara, ukimwambia "ntapakia" alikuwa anajibu nini?

MzuzuWete

Nimepanda juu kwenye chati nimetazama mama. Mara zote alikuwa anajibu k. "Ntapakia Jumamosi", k. "Ntapakia kesho", k. Na kila alipojibu k mzigo kapokea na pesa kapeleka hajawahi kunisumbua. Hm hii ni mara ya kwanza.

Lakini na mie nikuulize, na ile k ya Alhamisi? Nimemwambia nshapakia, kajibu k. Kama hakutaka si angeshtuka pale pale? Mtu akikwambia nimekuletea kitu hukukiagiza unajibu k?

Wakili_mtarajiwa

Nasoma sheria, jamani uzi huu umeniamsha usingizini. Kuna kesi ya kweli karibu ndo hii hii, Kanada, jimbo la Saskatchewan, hukumu ilitoka 2023. Mnunuzi wa nafaka kampelekea mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani, tani 87, dola 17 kwa busheli, kamwandikia tafadhali thibitisha mkataba. Mkulima kajibu na kidole gumba 👍 basi. Ilipofika Novemba 2021 bei ilishapanda mpaka dola 41 na mkulima hakupeleka mzigo. Wakaenda mahkamani. Mkulima akasema kile kidole kilikuwa "nimeupata mkataba", hakikuwa "nimeukubali". Mnaona? Ni roja na wilko ya bwana @Upepo_Kisauni.

Jaji hakukitazama kidole peke yake. Alitazama mikataba yao ya nyuma. Kila mara mnunuzi alikuwa anapeleka picha ya mkataba kwa simu na mkulima anajibu vineno vifupi tu, "naona sawa", "ok", "ee", na kila mara baada ya hapo alipeleka nafaka akalipwa. Kwa hio kwa watu hawa wawili jibu fupi lilishazoeleka kuwa ndio. Mkulima akaamriwa alipe kama dola 82,200 za Kanada. Akakata rufaa, 2024 mahkama ya rufaa ikaikataa ingawa jaji mmoja alipinga, yeye aliona kidole hakitoshi kuwa saini.

Kwa hio @MzuzuWete mazoea yenu ndo ushahidi wako. Umeshinda.

Mnukuzi_Mkoani

Ahsante sana kwa kesi hiyo mwanangu ila mie naisoma kinyume. Yule mkulima alijibu kwa namna aliyoizoea. Huyu wa Mwanakwerekwe aliiacha namna aliyoizoea. Kama mazoea yao ni kwamba "ntapakia" ikifuatwa na k maana yake pakia, basi "ntapakia" ikifuatwa na kitu kisichokuwa k ilitakiwa imtie MzuzuWete shaka. Mazoea yanampa nguvu kwenye k na hapo hapo yanamnyang'anya kwenye hm.

Wakili_mtarajiwa

Mh

Kojani2

😂😂 hiyo ni ya ngapi kati ya zile nne

Wakili_mtarajiwa

Ya nne. Nna wasiwasi lakini sitaki kusema.

Shehe_Vitongoji

Asalam aleykum warahmatullah. Mabwana katika fiqhi suala la kimya na jibu dogo lishazungumzwa zamani sana. Iko kanuni inayonasibishwa na Imamu Shafi, kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Huwezi kusema flani kakubali kwa kuwa hakusema. Lakini wanavyuoni wakaiongezea mkia, kwamba kunyamaza mahala ambapo pana haja ya kubainisha ni kubainisha. Ndio mukaona msichana bikra akiulizwa kuhusu kuozeshwa kimya chake kinahesabiwa idhini, kwa vile anaona haya kusema ndio, wala haoni haya kiasi hicho kusema hapana. Na alieolewa kabla lazima atamke.

Angalieni basi, kimya kile kile, kwa huyu ni jibu na kwa yule si jibu, kwa mujibu wa hali ya mtu na mahala pa suali.

Kwa hio hm ya Jumatatu mie siihesabu kauli ya kununua. Lakini k ya Alhamisi imekuja mahala pa haja. Kaambiwa mzigo umo njiani, bahari haijarudi nyuma, ilikuwa wajibu wake aseme "mie sikuagiza yote". Kajibu k, kamwachia mwenzake alale akidhani mambo sawa. Hapo mie namuona na yeye ana sehemu ya hasara.

MzuzuWete

Shehe Mungu akubariki, hicho ndo ninachokisema mie toka mwanzo

Upepo_Kisauni

Shehe samahani. K ya Alhamisi mie naiona roja tupu. Kaambiwa habari ilokwisha tokea, mzigo ushapanda, akatae nini? Afanye boti igeuke? Kasema nimesikia. Angepaswa kusema zaidi ndio, kwa uungwana, lakini kuifanya ile k kuwa ndio ni kuipa kazi isiyokuwa yake.

Shehe_Vitongoji

Sikusema ni ndio. Nimesema ni kimya kisichostahiki. Ni mambo mawili.

BintiMakunduchi

Na langu jamani mmelisahau

Mnukuzi_Mkoani

Sikulisahau mwanangu. Nikuulize, ukimwandikia kitu kimoja kifupi, mathalan "mtoto anakohoa", naye anajibu k?

BintiMakunduchi

Hapana. Pale anauliza toka lini, umempa nini. Juzi kapiga kabisa.

Mnukuzi_Mkoani

Basi hiyo k si kelele na wala si kuchokwa, ila haikutoshi na una haki. Kuna watu watatu wa Kanada, Bavelas na wenzake, mwaka 2000 walifanya jaribio wakamkalisha mtu asimulie mkasa alioponea chupuchupu, mbele yake msikilizaji. Wasikilizaji wengine waliachwa wasikilize, wengine walipewa kazi ya siri wahesabu maneno yanayoanza na herufi t. Hawa wanaohesabu hawakunyamaza, bado walikuwa wanatikisa kichwa na kusema "mm", maana hiyo unaweza kuitoa hata akili ikiwa pengine. Walichopoteza zaidi ni vile vijibu vinavyokwenda na kisa chenyewe, kushtuka penye kushtua, kusema "lahaula" mahala pake. Na msimuliaji bila kujua sababu alianza kuharibu hadithi yake, hasa mwisho wake, anazunguka zunguka, anajitetea.

K ya mumeo ni ile ya kutikisa kichwa. Inafaa kwa kitu kimoja. Wewe unampa vitu vitatu kwa mpigo, jino, Mnazi Mmoja, paa, na k moja haiwezi kukaa juu ya vitu vitatu, hujui imekaa juu ya kipi. Mpelekee kimoja kimoja uone.

BintiMakunduchi

Ntajaribu. Ila paa linavuja kweli

Bwana_Darajani

Paa mpelekee la kwanza

Chwaka_data

Nimekaa nimefikiri. Mama @Mnukuzi_Mkoani nirejee kwenye faili langu, maana kama nyinyi mko sahihi mie nimeshatupa majibu mengi ya watu. Nifanyeje na maelfu?

Mnukuzi_Mkoani

Usiyatazame urefu, yatazame yanavyojirudia na yanapokaa. Vijibu vya kweli ni vichache na watu wengi tafauti wanavitumia vile vile, utaona k, ok, ee, hm, mh, aa, vinarudi na kurudi kutoka simu zisizojuana, na vinakuja baada ya meseji inayotaka jibu. Kelele haijirudii, "lp" ya huyu na "jj" ya yule hazifanani, na zinatokea popote hata saa nane usiku bila kuulizwa kitu.

Halafu chukua kama mia hivi bila kuchagua, soma kila moja na meseji ya juu yake, mwenyewe kwa macho, usiachie kompyuta. Hapo utajua kwenu kliniki k ni nini. Na jihadhari na "aa". Kuna aa ya "aa kumbe", na kuna aa ya kukataa ambayo kwa mdomo ungeisikia inakatika katikati, ikiandikwa zote zinakuwa moja. Hiyo usiipe kazi wewe, iwekee alama ya haijulikani.

Chwaka_data

Na nukta? Ninazo nyingi "." peke yake, na hizo zinajirudia kwa watu wengi. Kwa kipimo chako ni jibu.

Mnukuzi_Mkoani

Hiyo sijui inakujaje kwenye kliniki. Kwenye makundi ya mtandaoni nukta watu wanaweka ili wapate taarifa uzi ukiendelea, pale ni maana kamili. Kwa akina mama waliokumbushwa kliniki, uliza wawili watatu kwa simu.

Chwaka_data

Nimetazama sasa hivi. Meseji yetu mwisho wake imeandikwa "Jibu 1 kama utakuja, 2 kama hutokuja." Kwenye simu za vitufe kile cha 1 kwenye maandishi kinatoa nukta kwanza, mpaka uendelee kukibonyeza au ukishikilie ndo inakuja 1.

Kwa hio wanabonyeza 1 mara moja, inatoka nukta, wanapeleka.

Lahaula. Hao wote walikuwa wanasema watakuja na mie nimewatupa.

Upepo_Kisauni

Tk tk

Mnukuzi_Mkoani

Usiwageuze wote kuwa 1 kwa mpigo lakini. Wapo watakaokuwa wamebonyea mfukoni. Linganisha na daftari la kliniki, waliopeleka nukta wangapi walifika.

Chwaka_data

Daftari liko kwa nesi, kesho nakwenda.

Kojani2

Haya na ndizi? Nani analipa laki

MzuzuWete

Nimempigia simu mteja leo nimemsomea uzi wote huu. Kacheka sana kwenye Paukwa. Anasema hm yake ilikuwa ni bei, aliona 14,000 ni ghali lakini mie ni mtu wake akaona haya kunikatalia, akategemea ntauliza. Mie nikamwambia mbona na wewe hukusema Alhamisi, akanyamaza kidogo akasema "hilo la Alhamisi sawa".

Katoa 40,000 kwenye ile laki. Mie nilitaka 50,000. Shehe je?

Shehe_Vitongoji

Muliporidhiana mie sina la kusema.

Wakili_mtarajiwa

"Sawa" ile ya kwenye simu alisema vipi, haraka au kwa kuvuta?

MzuzuWete

Kwa kuvuta

Wakili_mtarajiwa

Basi ungepata 50